Nenda dukani na vitambaa vyako: jibu kwa fundi anayenunua cherehani ya kwanza

"Shikamoo fundi. Nimemaliza mafunzo ya ushonaji, nakaa Mikindani na nimepata kibaraza cha kushonea. Kazi zangu zaidi ni madera, vitenge na sare za shule. Nina laki sita. Nimezunguka maduka ya Mtwara mjini. La kwanza lina cherehani nyeusi ya pedeli, mpya, 340,000 pamoja na stendi na kuifunga. La pili lina ndogo nyeupe ya umeme, inapiga zigizaga na matundu ya vifungo, 220,000. La tatu lina ya kiwandani ya mtumba, 480,000. Hiyo ndiyo niliyoipenda, ila hawakuiwasha. Kibandiko cha mota kimeandikwa 380V. Mota mpya peke yake wanauza 180,000. Kariakoo nimepiga simu, ile nyeusi wanasema 290,000. Kila muuzaji anasema ya mwenzake ni feki. Nichukue ipi?"

Marahaba, mwanangu. Chukua ile nyeusi ya pedeli, tena hapo hapo Mtwara. Ila usitoe pesa mpaka umeikalia dukani na kuishonea vitambaa vyako mwenyewe. Sababu zangu nitazieleza kwa kupita tena kwenye maduka yako, na nianze na lile la tatu, maana moyo wako naona umebaki huko.

Hukuambiwa kwa nini hawakuiwasha. Jibu lipo kwenye kibandiko ulichokisoma. Umeme wa nyumbani kwetu ni fezi moja, volti 230. Mota ya 380V ni ya fezi tatu, imetengenezwa kwa ajili ya kiwanda, na kwenye soketi ya kawaida ya duka haiwezi kufanya kazi. Mashine nyingi za mtumba zinatoka viwandani zikiwa na mota zake za asili, na muuzaji anaujua ukweli huo vizuri. Kupata fezi tatu ni maombi mengine TANESCO na gharama nyingine, jambo ambalo mwenye nyumba wako hatalikubali kwa ajili ya kibaraza. Kwa hiyo njia inayobaki ni kubadilisha mota. Fanya hesabu: 480,000 ya mashine, 180,000 ya mota, na fundi wa kuifunga na kulinganisha mkanda hatachukua chini ya 20,000. Hiyo ni 680,000. Umeshapita laki sita, bado hujaibeba kutoka mjini hadi Mikindani, bado huna pasi, mkasi wala uzi.

Hata kama pesa ingetosha, ningekuzuia kwa sababu nyingine, na hii inahitaji tuingie ndani ya mashine kidogo.

Mshono wa cherehani ni nyuzi mbili zinazofungana katikati ya kitambaa, mmoja wa juu na mwingine wa bobini. Sindano ikishuka inapeleka uzi wa juu chini ya bamba. Inapoanza kupanda tena, baada ya kupanda milimita 2 hivi, uzi unabaki nyuma kidogo na kufanya kitanzi kidogo pembeni ya sindano. Kitanzi hicho kinadumu muda mfupi mno. Hapo ndipo ncha ya shato, kile kichuma kinachocheza chini kikiwa kimebeba bobini, inapopaswa kufika, kuingia ndani ya kitanzi, kukivuta na kukizungusha bobini nzima. Kisha mkono wa juu unavuta uzi na fundo linakaa. Ncha hiyo inapita jirani mno na sindano. Nafasi kati yao ni kama unene wa karatasi, na hazitakiwi kugusana.

Sasa fikiria mashine iliyofanya kazi kiwandani kwa miaka. Sindano imevunjika humo mara nyingi, na kila ilipovunjika iliweza kuigonga ile ncha. Ncha inakwaruzika au inakuwa butu. Fimbo inayobeba sindano inalegea kwenye nyumba yake, sindano inaanza kuyumba. Kwa macho hutaona kitu, rangi inang'aa, meza imepigwa vanishi mpya. Ukishona kitenge kilichokunjwa mara mbili itashona. Ukifika kwenye pindo la sare, mahali mishono miwili inapokutana, itaruka: mshono mmoja umekaa, mmoja haupo, unaofuata umekaa. Au itakata uzi kila baada ya kipande kifupi. Mashine ya kiwandani ya mtumba inaweza kuwa mali nzuri sana, na zipo zilizotunzwa. Lakini mashine ambayo haijawashwa mbele yako hujauziwa cherehani, umeuziwa chuma chenye umbo la cherehani.

Kuhusu kasi, ambayo huenda ndiyo iliyokuvutia, ni kweli kabisa. Ya kiwandani hupiga mishono 4,000 na zaidi kwa dakika, wakati nyeusi ya pedeli haifiki hata robo ya hapo. Ila jiulize muda wako unaishia wapi unaposhona dera. Unapima, unakata, unabana pini, unapiga pasi, unazungumza na mteja anayebadilisha shingo dakika ya mwisho. Sindano inakimbia sehemu ndogo tu ya saa hiyo. Kasi inaanza kulipa pale unapokuwa na sare 100 za shule moja, zote kipimo kinachofanana, na mtu mwingine anakukatia. Siku hiyo ikija utakuwa na pesa ya kununua mpya yenye mota ya fezi moja, na hata mimi nitakwambia nenda.

Duka la pili sasa. Hii ndogo nyeupe siidharau kama mafundi wenzangu wengi wanavyofanya. Zigizaga inasaidia kufunga kingo za kitambaa kinachochanika nyuzi, na matundu ya vifungo ni kazi ambayo nyeusi ya pedeli haikufanyii bila kifaa cha kuongeza. Kwa mtu anayeshona nyumbani nguo za watoto wake na mapazia, ni kifaa kizuri. Tatizo liko ndani. Nyingi za kundi hili zina giya za plastiki na mota ya wati 70 au 80 hivi, na kitabu chake mara nyingi kimeandikwa wazi kwamba ni kwa matumizi ya nyumbani. Maana yake, ukiifanyia biashara, dhamana yake inaweza kukataliwa.

Ukiitumia saa 6 au 7 kila siku, mota inapata joto, na plastiki inayopata joto kila siku inapoteza uimara wake. Kwenye pindo nene la kaki mota inanguruma, sindano inagota juu ya kitambaa, wewe unakanyaga zaidi, na jino la giya linapasuka. Giya likipasuka, shato na sindano vinapoteana wakati. Utasikia "tak, tak" na sindano inavunjika. Giya la modeli hiyo hiyo halipatikani kirahisi hapa kwetu, na hapo ndipo utakapojua kuwa 220,000 ilikuwa bei ya kuingilia tu. Halafu kuna umeme. Gesi ya Mnazi Bay inachimbwa mlangoni kwetu, lakini ukikatika unakatika, na jioni ya mkesha wa Idi mteja wa dera hatakuelewa.

Ndiyo maana narudi duka la kwanza. Ile nyeusi ni umbo la zamani sana. Lilianzia kwenye Singer ya daraja la 15, miaka ya mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia viwanda vya Japani vikaliiga, kisha China ikalichukua na hadi leo inalitoa kwa wingi. Ukitazama maandishi kwenye kichwa au kwenye boksi, mara nyingi utakuta JA1-1 au JA2-1. Hapo kuna jibu la maneno ya "feki" uliyoyasikia. Vichwa hivi vinatoka viwanda vingi kwa ramani ileile, na jina lililopakwa dhahabu ubavuni linaweza kubandikwa na mtu yeyote. Butterfly halisi ipo, ya kuiga ipo, na zipo za majina usiyoyajua zinazoshona vizuri kuliko zote mbili. Sitakufundisha kuzitambua kwa kibandiko, kwa sababu kibandiko ndicho kitu rahisi kuigiza. Utaitambua kwa mshono.

Faida ya ramani moja ni vipuri. Sindano zake ni zile zilizoandikwa HAx1, zenye ubavu mmoja bapa, na zinauzwa hata kwenye maduka ya uzi. Bobini, kesi ya bobini, shato, springi ya tensheni, mkanda, vyote utavipata Mtwara, Masasi na Lindi bila kuagiza. Hili lijaribu kabla hujanunua: toa bobini ya cherehani hiyo, nenda nayo duka jingine la uzi, omba inayofanana. Ukipewa bila muuzaji kukuna kichwa, umepata mashine ambayo haitakulaza njaa kwa kukosa kipuri. Fanya vivyo hivyo kwa ile nyeupe, ulinganishe.

Na Kariakoo? Pengo la 50,000 linavutia, ila bado halijafika Mikindani. Basi litatoza mzigo, kadiria 20,000 hadi 25,000 kwa kichwa na stendi, kisha pikipiki au bajaji, kisha fundi wa kuifunga, maana inakuja vipande vipande ndani ya maboksi mawili. Ukijumlisha unafika 330,000 hivi, na umeokoa elfu kumi. Kwa elfu kumi hiyo umejinunulia safari ya zaidi ya kilomita 550 siku utakayokuta skrubu ya stendi imepungua au kichwa kimepasuka kwa kutupwa kwenye buti. Kariakoo nenda siku utakaponunua mashine tatu kwa mpigo. Kwa sasa bei ile itumie kama silaha dukani: mwambie muuzaji umeambiwa 290,000. Huenda asishuke hadi hapo, lakini akikuongezea bobini 10, pakiti mbili za sindano na chupa ya mafuta, umepata haki yako.

Tuje kwenye jaribio lenyewe. Nenda asubuhi, siku ambayo si ya pilikapilika. Beba vipande vitatu: kitenge, kitambaa laini cha dera, na kaki au tetroni ya sare. Hicho cha sare kikunje nyumbani uwe na mshono wa ubavu uliokunjwa mara mbili kama pindo la suruali, ili sehemu moja iwe na tabaka sita au zaidi. Beba pia nyuzi mbili za rangi tofauti, nyekundu na nyeupe kwa mfano, na sindano zako mpya, namba 14 na namba 16. Muuzaji atakupa kitambaa chake cha majaribio, kipande cha pamba kilichonyooka. Kikatae kwa heshima. Juu ya kitambaa kile kila mashine inashona.

Anza bila uzi. Inua mguu wa kubana kitambaa, zungusha gurudumu la mkono taratibu kuelekea kwako, mizunguko kadhaa. Unatafuta uzito ulio sawa mzunguko mzima. Mashine mpya inaweza kuwa nzito kidogo kwa sababu mafuta ya kiwandani yameganda, hiyo si shida, tone la mafuta kwenye kila tundu na dakika chache za kukanyaga zinailegeza. Kinachonitisha mimi ni uzito unaokuja mahali pamoja kila mzunguko, kisha unaachia. Hapo kuna shafti iliyopinda au kitu kinagusana. Kisha shusha sindano hadi chini, shika fimbo yake kwa vidole viwili, itikise mbele na nyuma. Isicheze. Ukisikia inabisha kidoleni, omba kichwa kingine.

Sasa tia uzi, na hapa watu wengi wanakosea wakadhani mashine ni mbovu. Uzi wa juu unatiwa mguu wa kubana ukiwa umeinuliwa, kwa sababu sahani mbili za tensheni, zile zinazoubana uzi, zinafunguka wakati huo tu. Ukitia mguu ukiwa chini, uzi unakaa juu ya sahani badala ya kati yake, na chini ya kitambaa utapata rundo la vitanzi. Kumbuka kanuni hii, itakusaidia miaka yote: vitanzi vikitokea upande wa chini, tatizo liko juu. Vikitokea juu, tazama bobini. Nyekundu iwe juu, nyeupe iwe kwenye bobini. Bobini ijaze kwa kizungushio cha mashine hiyohiyo, kwa sababu kile kipete cha mpira mara nyingi huwa kigumu au kinateleza, na ukijua leo utabadilishiwa leo.

Shona mstari mrefu kwenye kitenge kilichokunjwa mara mbili, urefu wa mkono wako. Ukishaanza, ondoa mikono, acha meno yapeleke kitambaa yenyewe. Kitambaa kikienda kushoto au kulia kwa nguvu, meno hayajakaa sawa au mguu wa kubana umepinda. Ni marekebisho madogo, lakini ayafanye muuzaji kabla ya pesa. Geuza kitambaa, tazama kwenye mwanga wa mlango. Juu uone nyekundu tupu, chini nyeupe tupu. Vidoti vyeupe vikichungulia juu, tensheni ya juu imekaza mno. Vyekundu chini, imelegea. Izungushe nusu raundi, shona tena. Ikiitikia, mashine ni nzima. Ikikataa kubadilika hata ukizungusha raundi mbili, springi au sahani zina kasoro.

Rudia kwenye kitambaa cha dera ukitumia sindano mpya ya namba 14, mishono mifupi kidogo. Kitambaa kikikunjamana kama kimevutwa na lastiki, legeza tensheni ya juu na ya bobini kwanza. Kisha rudisha wenzo wa urefu wa mshono juu kabisa ili mashine irudi nyuma, na utazame kama inaurudia mstari uleule kwa urefu unaokaribiana. Hapo ndipo mwanzo na mwisho wa kila mshono wako utakapofungwa, na mashine inayokwenda mbele vizuri na kurudi kwa kusuasua itakukera kila nguo.

La mwisho ni kaki, na hili ndilo linaloamua. Weka sindano ya namba 16. Ingia kwenye lile pindo nene polepole, mkanyago mmoja wa pedeli baada ya mwingine, bila kuisaidia kwa kuvuta kitambaa nyuma. Pita sehemu nene, shuka upande wa pili, kisha rudia. Hesabu mishono kwa macho mahali pale ulipopanda na uliposhuka. Ukiona mmoja umeruka mara moja tu, badilisha sindano na urudie, inawezekana sindano ilipinda. Ukiruka tena, mwambie muuzaji akupe kichwa kingine cha aina ileile ukijaribu. Atakwambia "itazoea." Mwanangu, uzito unazoea, kelele ndogo inazoea, kuruka hakuzoei. Kuruka ni shato na sindano zisizokutana kwa wakati, na hapo hakuna kinachojirekebisha kwa kutumika.

Stendi nayo ikanyage kwa dakika kadhaa bila kushona. Ikiyumba sakafuni, skrubu hazijakazwa. Mkanda ukiteleza, ni mrefu, ukatwe sentimita moja na kubanwa upya. Mkanda mpya wa ngozi utarefuka tena baada ya wiki chache, usishtuke.

Ukiridhika, dai risiti ya EFD, na iandikwe namba iliyogongwa kwenye chuma cha kichwa. Kama wana dhamana, waandike nyuma ya risiti inahusu nini na kwa muda gani, wapige muhuri. Dhamana ya mdomo inaisha ukivuka mlango. Na kichwa kitakachobebwa kiwe kile ulichokishonea wewe, kisiwe "kingine kama hicho" kilichoko stoo.

Kwenye laki sita utabaki na 260,000. Usikimbilie ovaloki. Kusanya nguo zako, mpelekee jirani mwenye ovaloki akupigie kwa bei ya kila nguo, na gharama hiyo uiweke ndani ya bei ya mteja. Matundu ya vifungo ya sare nayo hivyo hivyo. Nunua mkasi mzuri wa kitambaa ambao haugusi karatasi, pasi, nyuzi za rangi zinazotoka sana, na sindano za kutosha. Kadiria 120,000 hadi 140,000. Kinachobaki kiache mfukoni, kwa sababu kazi ya ushonaji kwetu inapanda na kushuka. Pesa ya korosho ikiingia kuanzia Oktoba, kisha sare kabla ya shule kufunguliwa Januari, hutalala. Miezi mingine utakaa kibarazani ukihesabu bajaji.

Msimu mmoja mzuri ukipita, unaweza kuifunga nyeusi yako mota ndogo ya pembeni, ile inayokazwa kwa skrubu mgongoni mwa kichwa na kuendeshwa kwa pedeli ndogo ya mguu. Nyingi ni za wati 100 au zaidi kidogo. Hata kwa wati 150, ukiikanyaga saa 6 mfululizo bila kupumzika inakula chini ya uniti moja ya LUKU. Umeme ukikatika unarudisha mkanda wa pedeli na kuendelea. Mota nyingi za kiwandani za zamani hazina nafuu hiyo. Zile za klachi, wati 400 hivi, zinazunguka muda wote swichi ikiwa imewashwa, hata wakati unapiga pasi kola.

Jambo moja kuhusu Mikindani: bahari iko karibu na chumvi inakula chuma. Usiku ifunike kwa kitambaa, si nailoni, maana nailoni inafungia unyevu ndani. Kila wiki toa bamba, piga brashi ile pamba inayojikusanya kwenye meno na kwenye shato, weka tone moja la mafuta ya cherehani pale shato linapocheza. Mafuta ya kula usithubutu, yanaganda na kuwa gundi.

Kuna mambo ya kufanya mwenyewe na ya kumwita mtu. Sindano, tensheni, mkanda, usafi na mafuta ni vyako. Lakini ikianza kuruka ghafla baada ya sindano kuvunjika, na sindano mpya haijasaidia, usifungue skrubu za fimbo ya sindano wala za shato. Ulinganifu ule ukipotea mikononi mwako, kuurudisha kunahitaji mtu mwenye uzoefu. Mpelekee fundi wa mashine, au muulize mwalimu wako wa ushonaji, au wale wa VETA pale Mtwara wakuelekeze kwa mtu wanayemtumia wenyewe.

Na kama bado duka la tatu linakuita, basi muuzaji afunge mota ya fezi moja kwa gharama yake, bei ya jumla ikiwa ndani ya uwezo wako, na siku ya kuiwasha uende na fundi wa mashine uliyemlipa wewe. Avue bamba mbele yako, apitishe ukucha kwenye ncha ya shato kutafuta mkwaruzo, atikise fimbo ya sindano, kisha mshone lile pindo la kaki kwa kasi ndogo na kubwa. Muuzaji akikataa hata moja kati ya hayo, rudi duka la kwanza.